Kazi imeenda kwa mwingine: jinsi ya kumwandikia aliyekupendekeza

Mimi nimekaa pande zote mbili za hii maneno. Nimewahi kupigiwa debe nikapata kazi, na saa hii niko ofisi moja huku Mombasa Road ambapo nimeshapeleka sivii za watu kadhaa mezani kwa bosi, watu ninaowajua na wengine nimejulishwa tu na rafiki. Waliopata walinipigia simu siku hiyo hiyo wakipiga kelele za furaha. Waliokosa, karibu wote walinyamaza. Si kwa ubaya, najua ni aibu, mtu anahisi ameniangusha so anangoja nisahau. Lakini mimi sisahau, juu kila nikipita karibu na ile ofisi ya kuajiri najiuliza huyu kijana ilienda aje, niulize ama ninyamaze.

Kwa hivyo nitaandika zaidi kuhusu ile mesej ngumu, ya kumwambia mtu aliyekupendekeza kwamba kazi hukupata. Ya kupata nitaigusa baadaye, hiyo haina kazi sana.

Nitatumia kisa cha binamu yangu, nimemuomba ruhusa. Alifanya atachmenti miezi mitatu kwa idara ya hesabu ya kampuni fulani, na aliyekuwa akimsimamia huko, anamwita Madam, alihamia kampuni nyingine Upper Hill. Nafasi ya msaidizi wa hesabu ikatoka kule, Madam akapeleka sivii yake kwa mkono na akasema neno. Binamu akaitwa intavyu ya kwanza, akaitwa ya pili ambayo ilikuwa na zoezi la kompyuta, halafu Alhamisi moja saa kumi na moja jioni, akiwa kwa matatu Jogoo Road akielekea Donholm, imeli ya regreti ikaingia.

Kwanza, usiandike ukiwa bado kwa hiyo matatu

Binamu alianza kuandika hapo hapo. Alinionyesha baadaye ile aliyokuwa ametaipu, ilikuwa hivi:

"Hi Madam, natumai uko salama na familia iko poa. Samahani kukusumbua jioni. Nilikuwa nataka tu kukuambia kuhusu ile kazi, kusema ukweli sijui nini ilifanyika juu intavyu ilienda vizuri sana na hata yule mzee wa katikati alikuwa anatingisha kichwa, lakini leo wamenitumia regreti, nasikia walikuwa na mtu wao tayari. Nimevunjika moyo sana Madam. Tafadhali unaweza kuniulizia shida ilikuwa wapi? Na kama kuna nafasi ingine yoyote hata ya kupanga faili tafadhali nikumbuke. Mungu akubariki."

Nashukuru hakuituma. Ukiisoma haraka unaona ni mesej ya heshima, lakini hebu kaa kwa kiti cha Madam. Asante haimo, kuna baraka tu mwishoni. Matokeo yako katikati, baada ya salamu na samahani na maelezo. Halafu kuna neno moja la hatari sana, "walikuwa na mtu wao", ambalo linaongea vibaya kuhusu watu ambao Madam anakula nao chakula cha mchana, na iko kwa maandishi, mtu akichungulia simu yake ama skrinshoti ikitembea ni yeye ataulizwa. Na mwisho amepewa kazi mbili mpya, aende akaulize na atafute nafasi ingine, na ile ya kwanza hata hajashukuriwa.

Lala nayo usiku mmoja. Asubuhi yake kati ya saa tatu na saa tano ni wakati mzuri, mtu ameshafika kazini na amekunywa chai. Lakini usipitishe siku hiyo ya pili, juu mtu wa kuajiri anaweza kumwambia kwa korido kabla yako, "yule wako hakuweza," na sasa Madam anasikia habari zako kutoka kwa mtu mwingine akiwa hana jibu la kutoa.

Angalia pia tarehe kama unajua kazi ya mtu. Mtu wa hesabu hapa Kenya tarehe 9 anahangaika na kodi ya mishahara na tarehe 20 na kodi ya VAT, hizo ndizo siku za mwisho za KRA, na mwisho wa mwezi anafunga vitabu. Haimaanishi uahirishe, inamaanisha mesej iwe fupi na usitarajie jibu haraka, halafu usianze kuhesabu tiki za bluu ukidhani amekasirika.

Sentensi ya kwanza ibebe matokeo

Hii ndiyo ningetaka mtu ashike kuliko zote. Mesej ikiingia simu ikiwa imefungwa, mtu anaona maneno machache tu ya kwanza kwa skrini. Kama hayo maneno ni "Hi Madam natumai uko salama na familia", hajui ni habari njema, mbaya ama ni ombi, na mtu akiona salamu ndefu kutoka kwa mtu aliyemsaidia juzi, akili yake inaenda kwa ombi moja kwa moja. Anaiacha afungue baadaye, na baadaye ni Jumatano ijayo.

Lakini pia si heshima kumrushia mkubwa wako matokeo bila salamu. So salamu iwe maneno machache, halafu habari: "Habari ya asubuhi Madam. Ile kazi ya Upper Hill wamempa mtu mwingine, walinijulisha jana jioni." Basi. Ameshajua. Kila kitu kinachofuata anakisoma akiwa ametulia, juu hangoji tena kujua.

Taja kazi yenyewe. Usiseme "ile maneno yetu" ama "ile kitu". Mtu anayesaidia watu husaidia wengi, na unaweza kukuta mwezi huo amepeleka sivii tatu.

Sema ulifika wapi

Hapa ndipo watu huandika "haikuwezekana" na wanafunga. Mimi kama niliyekupendekeza hiyo hainisaidii hata kidogo. Nataka kujua sivii ilifunguliwa ama haikufunguliwa. Kama hukuitwa hata intavyu, hiyo inaniambia kwamba neno langu halikufika ama sivii yako haikuendana na kazi. Kama ulifika ya mwisho, inaniambia neno langu lilifanya kazi na wewe hukuniaibisha, na hapo niko tayari kukutaja tena mahali pengine.

Na kama unajua ulipojikwaa, sema kwa sentensi moja, bila kujitetea na bila kujichapa. Binamu alijua. Kwa intavyu ya pili walimpa taarifa ya benki na daftari la pesa, akaambiwa alinganishe aonyeshe kwa nini salio hazifanani, dakika arobaini. Alipata cheki ambazo zilikuwa hazijapita benki, lakini akasahau ada za benki ambazo ziko kwa taarifa na hazijaandikwa kwa daftari, so salio zikakataa kukutana hadi muda ukaisha. Hiyo ni habari ambayo Madam, mtu wa hesabu, anaielewa kwa sekunde mbili, na ni tofauti sana na "sijui nini ilifanyika".

Kama hujui ulipojikwaa, usibuni. Sema tu hawakueleza sababu. Ukitaka sababu waandikie wewe mwenyewe wale walioandika regreti, kwa imeli hiyo hiyo, uwaulize kwa adabu kama kuna kitu ungeboresha. Wengine hujibu, wengi hawajibu. Lakini usimtume Madam akaulizie, juu ukimtuma unamfanya aonekane kama analalamika kwa niaba yako juu ya uamuzi wa wenzake.

Asante iwe ya kitu alichofanya

"Asante kwa kila kitu" ni kama kumshukuru mtu kwa kuzaliwa. Fikiria ni kitu gani hasa alifanya. Madam alibeba sivii kwa mkono, na siku moja kabla ya intavyu alimpigia simu dakika kumi akamwambia hiyo ofisi huuliza sana mambo ya malipo ya wasambazaji. Na kweli waliuliza! Hiyo simu ndiyo ya kushukuru, juu inamwambia kwamba dakika kumi zake hazikupotea.

Usimuombe msamaha kupita kiasi, hapa watu wengi wanakosea wakidhani ni unyenyekevu. Ukiandika "nisamehe kwa kukuangusha" mara tatu, sasa yeye ndiye inabidi akufariji, umempa mzigo mwingine. Kukosa kazi baada ya intavyu mbili si kumuangusha mtu. Kumuangusha ni kuchelewa intavyu, ama kutoenda kabisa. Kama ulifanya hivyo kweli, hapo omba msamaha mara moja, wazi, useme ulichelewa kwa muda gani, juu ameshaambiwa hata hivyo.

Usiombe chochote

Hata kidogo. Hata "nikumbuke". Najua rent ya tarehe tano haingoji na najua unahisi hii ndiyo nafasi yako ya kuongea naye, lakini ombi likiingia kwa mesej ya asante, asante inageuka kuwa mlango wa ombi. Ngoja wiki mbili tatu, nafasi maalum ikitokea mwandikie mesej yake peke yake. Mtu anajua unatafuta kazi, si lazima umkumbushe.

Sasa hii ndiyo binamu alituma Ijumaa saa nne asubuhi:

"Habari ya asubuhi Madam. Ile kazi ya msaidizi wa hesabu Upper Hill wamempa mtu mwingine, walinijulisha jana jioni. Nilifika intavyu ya pili. Zoezi la kulinganisha benki na daftari ndilo lilinishinda, nilisahau ada za benki na muda ukaniishia. Asante sana kwa kupeleka sivii yangu mwenyewe, na kwa ile simu ya Jumatatu, swali la malipo ya wasambazaji waliuliza vile ulisema na nilijibu vizuri. Nashukuru sana. Siku njema Madam."

Ukihesabu ni sentensi saba fupi. Mtu anaisoma kwa lifti akamaliza kabla mlango ufunguke. Aliituma WhatsApp juu huko ndiko wamekuwa wakiongea, na hiyo ndiyo sheria rahisi, jibu kwa njia ile ile aliyotumia kukusaidia. Usiende kwa imeli yake ya kazini, hiyo ni ya kampuni na inaweza kusomwa na wengine. Ujumbe wa sauti pia hapana kwa mtu mliye na heshima ya kazini naye, inabidi atafute earphone ama aende kando, na hawezi kurudia kusoma. Soma jina la kampuni na cheo mara mbili kabla ya kutuma, WhatsApp inakuruhusu kurekebisha mesej ndani ya dakika 15 tu, baada ya hapo kosa limekaa.

Kama mtu hatumii WhatsApp, SMS moja ni herufi 160, ikizidi inagawanywa. Hii inatosha ndani:

"Madam habari. Kazi ya hesabu wamempa mwingine, nilijua jana. Asante sana kwa kunipendekeza, nilifika hadi intavyu ya pili. Nitakupigia Jumamosi nikushukuru."

Ukisema Jumamosi, piga Jumamosi.

Na kuna wale ambao maandishi si mahali pao kabisa. Kama aliyekuombea ni mjomba, au mzee wa kanisa, au rafiki ya baba ambaye alipiga simu kwa mtu anayemjua, huyo mpigie, usimwandikie. Hapa Nairobi shikamoo si wengi wanaitumia lakini kama mzee ni wa Pwani mpe shikamoo yake kwanza, halafu useme matokeo mapema vile vile, na umpe nafasi ya kuongea juu wazee watakuwa na la kusema. Umjulishe pia mzazi wako kwamba umempigia, la sivyo baba atapiga kuomba radhi kwa niaba yako na mtaonekana hamuongei nyumbani.

Kama hujasikia lolote

Hii ni ya watu wengi kuliko regreti. Walisema watapiga ndani ya wiki mbili, sasa ni ya tatu na kimya. Mwandikie aliyekupendekeza mara moja: "Habari Madam, nilifanya intavyu tarehe 6, walisema watajibu kabla ya tarehe 20 na bado sijasikia. Nitakujulisha nikipata jibu. Asante tena." Hiyo ya "nitakujulisha" inamwonyesha humwombi aende kugonga mlango. Kama yeye mwenyewe anataka kuuliza, atauliza.

Ukipata, na ukikataa

Ukipata, mwambie yeye kabla ya kuweka kwa status. Lakini ngoja ofa iwe ya maandishi na umeisaini, juu ile ya mdomo inaweza kurudi nyuma wakiangalia cheti cha mwenendo mwema na mambo mengine. Mpe siku utakayoanza na idara. Usitume pesa kwa M-Pesa kama asante. Najua ni desturi yetu kutoa kitu kidogo na roho yako ni safi, lakini ile rekodi ya pesa kutoka kwako kwenda kwa mfanyakazi aliyekuingiza inaonekana vibaya sana kwa mtu asiyejua, na tangu 2016 tuko na sheria ya hongo ambayo inashika hata kampuni binafsi, si serikali peke yake. Mnunulie chakula cha mchana mkiwa mmezoeana, mkae muongee. Kampuni zingine humpa mfanyakazi bonasi akileta mtu, na mara nyingi hulipwa ule mtu akimaliza probesheni, ambayo kwa sheria yetu haipiti miezi sita isipokuwa wewe ukubali iongezwe. Hiyo bonasi ni yake, usiiulize, lakini ukipita probesheni mjulishe, kwa sentensi moja tu.

Kukataa ofa ndiko kuliniumiza mimi. Kijana nilimpeleka kwetu, akapita intavyu zote, akapewa ofa, halafu akapata ingine yenye mshahara mzuri zaidi. Ni haki yake kabisa, hata mimi ningeichukua. Lakini aliandikia kampuni imeli ya kukataa Jumatatu na mimi nikajua Jumatano, kwa lifti, mbele ya watu wawili, bosi wangu akiniambia "mtu wako ametuacha." Nilisimama hapo nikicheka bila kujua nacheka nini. Angenipigia simu Jumatatu asubuhi, dakika tano, kabla ya kutuma ile imeli, ningeenda mwenyewe kwa bosi nimwambie na pengine nitaje mtu mwingine. So ukikataa: simu kwanza kwa aliyekupendekeza, si mesej, sema umeamua, sema sababu kwa ufupi, mwambie utawaandikia kampuni leo saa ngapi ili ajipange. Usimuombe ushauri kama umeshaamua.

Akijibu

Madam alijibu Jumapili usiku, siku mbili baadaye, na binamu alikuwa ameshaanza kunipigia simu akiuliza kama alikosea mahali. Jibu lilikuwa "Pole sana. Hizo ada hushika kila mtu. Uko na lile zoezi?"

Zoezi hakuwa nalo, walibaki nalo ofisini, na hata angekuwa nalo singemshauri alitume, ni mali yao na wanaweza kulitumia tena kwa wengine. Alijibu hivyo tu, "Hapana Madam, walibaki nalo, lakini nimetengeneza mfano wangu wa namna hiyo nyumbani," na akauambatanisha juu sasa ameulizwa. Madam akarudisha ukiwa na mistari miwili nyekundu na neno "angalia riba pia". Binamu akarekebisha, akaandika "Nimeona, asante Madam," na akaacha hapo.